Chati ya bandauni ikilala katikati ya sprinti: ina maana gani?

Chati ya bandauni huonyesha kazi iliyobaki katika sprinti, yaani kipindi kifupi ambacho timu ya programu imejipangia kumaliza kazi fulani. Wima wake ni pointi, yaani makadirio ya ukubwa wa kazi (timu nyingine hutumia saa), mlalo wake ni siku. Mstari wa mwongozo huanzia juu kushoto na kuteremka hadi sifuri siku ya mwisho, na mstari halisi hushuka kama ngazi, wakati mwingine juu ya ule wa mwongozo, wakati mwingine chini yake. Umbo linalotia watu wasiwasi ni hili: mstari unashuka kidogo mwanzoni, kisha unalala kwa siku tatu nne. Bosi akiuona huuliza, "Kwani hawa watu wanafanya nini?" Mara nyingi wanafanya kazi kwelikweli.

Tuchukue timu yenye sprinti ya siku 10 za kazi, kadi 8, kila kadi ikiwa kazi moja, jumla pointi 40. Kufikia mwisho wa siku ya 3 kadi mbili zimekamilika, ya pointi 3 na ya pointi 5, kwa hiyo zimebaki 32. Siku ya 7 inaisha, bado ni 32. Mwongozo unasema zilitakiwa kuwa 12.

Chati ya pointi haijui nusu. Kadi ya pointi 8 ambayo mtu ameihangaikia siku nne na kubakiza kipande kidogo tu bado inahesabiwa 8, mpaka ifike safu ya mwisho. Katika Jira, programu ya kufuatilia kazi za timu, hata ukifunga kazi ndogondogo zilizo chini ya kadi, pointi za kadi yenyewe hazipungui mpaka nayo iwe `Done`. Kwa hiyo ukitaka kujua mstari umelalia nini, acha chati kwanza, nenda kwenye ubao uhesabu kadi safu kwa safu.

Kwenye ubao wa timu yetu, kadi nne zimejazana `In Review`: 8, 5, 5 na 3, jumla 21. Moja ya pointi 8 bado inaandikwa, na moja ya pointi 3 haijaguswa. Hapo jibu limeshapatikana. Waandishi wa programu wanamaliza sehemu yao na kurukia kadi mpya, huku anayezipitia na kuzijaribu ni mmoja. Kama humaliza kadi moja kwa siku, nne zinamtaka siku nne, na sprinti imebakiza tatu. Hata wenzake waandike kwa kasi gani, watamrefushia foleni tu. Mimi nikiona mstari uliolala, hapa ndipo ninapoangalia kabla ya kwingine kokote.

Ila mstari huohuo ungeweza kuwa na habari tofauti kabisa. Tuseme siku ya 4 timu ilimaliza kadi ya pointi 5, na siku hiyohiyo ikaletewa hitilafu ya dharura ya pointi 5. Siku ya 6 ikamaliza pointi 3, zikaongezwa 3. Ni kama daftari la mkopo dukani: mteja akilipa elfu tano na kukopa elfu tano, deni linasomeka vilevile. Timu hii imeshamaliza pointi 16 kati ya 48, lakini kwenye chati inayochorwa mara moja kwa siku huwezi kuitofautisha na ile ya kwanza. Jira huorodhesha matukio chini ya chati, na kila kadi iliyoongezwa huandikwa `Scope change`. Soma orodha hiyo kabla ya kumlaumu mtu. Hapa kuongeza mjaribu hakutasaidia kitu. Anayetakiwa kuulizwa ni yule anayeingiza kazi katikati ya safari.

Zipo pia sababu nyepesi, kama wikendi na sikukuu, au watu kusahau kusogeza kadi. Hizi hugundulika kwenye kikao cha asubuhi kwa swali moja, na mara nyingi mstari hujirekebisha siku hiyohiyo.

Turudi kwenye foleni. Asubuhi ya siku ya 8, wawili kati ya waandishi waache kuanzisha kitu kipya na wajiunge na mjaribu, kila mmoja akipitia kadi ambayo hakuiandika. Waanze na zilizo karibu kukamilika. Kadi ya pointi 3 ambayo haijaguswa, mwenye bidhaa, yule anayeamua kazi ipi itangulie, anaweza kuitoa kwenye sprinti, na mstari utashuka hadi 29 papo hapo. Mteremko huo usihesabiwe kuwa ni kazi iliyofanyika, maana kadi imerudi tu kwenye orodha ya kusubiri. Zile nne zikipita zote, mstari utaporomoka hadi 8. Kadi inayobaki, ile ambayo bado inaandikwa, ina nafasi ndogo ya kuandikwa, kupitiwa na kujaribiwa kabla ya siku ya 10, na ni vizuri mwenye bidhaa aambiwe hivyo siku ya 8, asije kuligundua kwenye onyesho la mwisho.