Uzito Kwanza, Mguu Baadaye: Dhana Potofu Kuhusu Kusimulia Salamu ya Jua

Waandishi wanaoniletea miswada yao niihariri hunieleza jambo moja kila mara, tena kwa kujiamini: kwamba ili msomaji amwone mhusika akifanya Salamu ya Jua, ule mfululizo wa mikao ya yoga, alfajiri, inatosha kuitaja mikao kwa mpangilio wake, yaani mlima, kuinama, ubao, mbwa anayetazama juu, kisha mbwa anayetazama chini. Mpangilio huo ni sahihi, lakini msomaji haoni mwili ukienda. Anaona picha tano zilizobandikwa ukutani.

Ukweli ni kwamba mwendo umo katikati ya mkao mmoja na mwingine, na kinachoamua kiungo kipi kitangulie ni uzito. Kiungo kilichobeba mwili hakiwezi kubanduka mpaka mzigo wake upokewe na kiungo kingine. Chukua sentensi hii, ambayo nimekutana na ndugu zake wengi: “Kutoka kwenye mbwa anayetazama chini, alipeleka mguu wa kulia mbele, akautua kati ya mikono, kisha akaegemea viganja na kusogeza mabega.” Kila tendo lililotajwa hufanyika kweli, ila mguu umeondoka kabla ya kuruhusiwa. Katika mkao huo nyonga ziko juu na uzito umegawanyika kati ya viganja na nyayo. Kwa hiyo viganja husukuma sakafu kwanza, mabega husogea mbele mpaka yakaribie kuwa juu ya vifundo vya mikono, na mguu wa kushoto hukaza ili upokee sehemu ya mwenzake. Hapo ndipo kisigino cha kulia huinuka, goti hukunjika na kuvutwa kuelekea kifuani huku mgongo ukijiviringa kidogo kuupa mguu nafasi ya kupita, na unyayo hutua mwisho kabisa.

Iwapo mhusika ni mgeni wa yoga, usiutue unyayo wake kati ya viganja kwa ustadi asiokuwa nao. Kwa kawaida mguu wake hukomea njiani, nyuma ya mikono. Basi huteremsha goti la kushoto, hushika kifundo cha mguu wa kulia kwa mkono wa kulia na kuuvuta mbele. Hata hapo, mkono huo haunyanyuki kabla wa kushoto haujaupokea mzigo. Kosa dogo kama hilo humfanya msomaji aamini mwili kuliko sifa zozote za wepesi wa mhusika.

Ushauri wangu, ambao wengi huupuuza kwa kuona aibu, ni kutandika mkeka na kuifanya sentensi yako mwenyewe, ukisimama baada ya kila kitenzi na kujiuliza ni nini kinachokushikilia wakati huo. Katika hatua niliyoieleza, nguzo ni nne, zinakuwa tatu, kisha zinarudi nne. Ukifika mahali ambapo huna cha kukushikilia, sentensi imeanguka kabla yako.

Dhana ya pili ni kwamba yoga, kwa kuwa ni mtiririko, yapasa isimuliwe kama mambo yanayotokea yote kwa pamoja. Hivyo huzaliwa sentensi za “akiinama huku akiinua mikono huku akirudisha mguu”, ambazo mwili wa binadamu hauzitekelezi. Lugha yetu imetupa zana za kazi hii: “-ka-” hupanga tendo baada ya tendo, na “-ki-” huonyesha tendo linaloambatana na jingine. Itunze “-ki-” kwa yale yanayokwenda sambamba kweli, kama vile pumzi inayovutwa kifua kikifunguka, na kutolewa mwili ukikunjika. Pumzi basi si pambo la kuchomekwa popote. Mhusika anayejaza mapafu huku kifua kimebanwa mapajani humshtua yeyote aliyewahi kuinama.

Iliyobaki naitaja kwa ufupi, ingawa ndiyo inayonichekesha: kwamba mhusika anayeelekea mashariki hulitazama jua tangu mwanzo hadi mwisho. Akiwa katika mbwa anayetazama juu, sawa, kwa sababu kifua kimevutwa mbele, mikono imenyooka, na kichwa kimeinuka baada ya hivyo vyote. Lakini akirudisha nyonga juu na kuingia katika mbwa anayetazama chini, kichwa huning'inia kati ya mikono na macho huelekea kwenye miundi yake mwenyewe. Jua liko nyuma ya utosi wake. Anachoweza kuona, katikati ya miguu, ni kivuli chake kirefu kikielekea magharibi, na kivuli hicho, tofauti na jua, kitasogea naye kila atakaposogeza mabega.