Kutoka meseji za simu hadi barua ya ofa: yanayodhaniwa na yalivyo

Meneja amempata mtu wake wa uhasibu na wameshaelewana kwa meseji. Sasa anamwambia afisa wa ofisini: "Iweke tu kwenye barua, tumeshamaliza." Meseji zenyewe ni hizi:

"Dada hongera, tumekuchagua wewe. Mshahara tutafika 900 mkononi, usafiri juu yetu. Baada ya miezi mitatu tunakuongeza."

"Nashukuru sana bosi. Naweza kuanza mwezi ujao, ila huku nilipo natakiwa nitoe notisi."

"Hamna shida. Tuletee vyeti na wadhamini wawili tuwapigie."

Ukizisoma haraka utaona kila kitu kimo: mshahara, tarehe na masharti. Ukianza kuandika barua ndipo unagundua hakuna hata kimoja kilichokamilika.

Dhana: Kuandika barua ya ofa ni kuyasafisha maneno ya meseji tu yawe rasmi.

Ukweli: lugha ndiyo sehemu nyepesi. Kazi kubwa ni kukamata kila neno linalovutika na kuuliza lina maana gani kabla hujaliandika. Katika meseji hizo kuna manne: "mkononi", "juu yetu", "tunakuongeza" na "mwezi ujao". Mwandishi wa barua hana mamlaka ya kuyajibu kwa kubahatisha, hata kama anaona jibu liko wazi. Anarudi kwa meneja na maswali manne, na majibu yakishapatikana, barua yenyewe haichukui hata nusu saa.

Dhana: Mkisema 900, barua iandike 900.

Hapa ndipo ugomvi wa mwisho wa mwezi wa kwanza huzaliwa. Barua za ofa kwa kawaida hutaja mshahara kabla ya makato, kwa sababu makato hubadilika sheria ikibadilika, na pia hutegemea hali ya mfanyakazi mwenyewe. Meseji ilisema "mkononi", yaani baada ya makato. Tuchukulie, kwa kurahisisha hesabu, kwamba kodi na michango ya lazima kwa jumla ni asilimia 20. Ili apate 900 mkononi, mshahara kabla ya makato lazima uwe 1,125, kwa kuwa 900 ukiigawa kwa 0.80 unapata 1,125. Mwandishi akiandika "mshahara wa 900 kwa mwezi" bila kufafanua, mfanyakazi atapokea 720. Pengo ni 180 kila mwezi, na pande zote mbili zitaapa kwamba zilisema 900. Zote zitakuwa zinasema kweli.

Angalia pia kwamba watu wengi hukosea kwa kujumlisha asilimia 20 juu ya 900 na kupata 1,080. Ukiikata 1,080 kwa asilimia 20, unabaki na 864. Na kwa kuwa kodi nyingi hupanda kwa ngazi, ni salama zaidi mtu wa mishahara aipige hesabu hiyo mwenyewe. Sentensi ya barua iwe hivi:

"Utalipwa mshahara wa 1,125 kwa mwezi kabla ya makato ya kisheria. Kwa viwango vya sasa, makadirio ya kiasi utakachopokea baada ya makato ni 900."

Neno "makadirio" lina kazi yake: viwango vikibadilika mwakani, mwajiri hajaahidi kufidia tofauti. Sarafu nayo itajwe kwa jina. "Usafiri juu yetu" ikawa, baada ya kumuuliza meneja, "posho ya usafiri ya 60 kwa mwezi, inayolipwa pamoja na mshahara". Mteule alikuwa anawaza gari la ofisi.

Dhana: "Tunakuongeza" ni maneno ya kutiana moyo, barua iyaache.

Inategemea meneja alimaanisha nini, na ndiyo maana anaulizwa. Kama nyongeza ni ya uhakika, barua itaje kiasi na tarehe. Kama ni matumaini, iandikwe kwamba mshahara utapitiwa baada ya muda wa majaribio wa miezi 3, na kwamba mapitio hayo si ahadi ya nyongeza. Kuiacha kabisa, kwa maoni yangu, ni njia mbaya kuliko zote: mteule anakumbuka alichoambiwa, na meseji anazo. Ikiwa kampuni inapunguza kile meneja alichosema, mteule apigiwe simu kwanza aelezwe. Asikutane na jambo hilo kwenye aya ya nne ya barua.

Dhana: Meseji hazina nguvu yoyote mpaka barua itiwe saini.

Katika mifumo mingi ya sheria, makubaliano ya kazi yanaweza kufungwa hata kwa mdomo, na meseji huweza kuwa ushahidi. "Tumekuchagua, mshahara huu" ikijibiwa "nimekubali" inaweza kuwa zaidi ya gumzo. Kwa hiyo barua iseme wazi kwamba inachukua nafasi ya mazungumzo yote yaliyotangulia, na meneja kwenye meseji aongeze maneno machache tu: "masharti kamili yatakuja kwenye barua".

Dhana: Muda wa majaribio unatosha kama sharti.

Haya ni mambo mawili. Muda wa majaribio huanza mtu akishaingia kazini. Masharti ya ofa hutimizwa kabla hajaanza, na uzito wake ni mkubwa zaidi kwa sababu mtu huyu ana kazi nyingine mkononi. Akitoa notisi leo, halafu mdhamini mmoja akatoa majibu mabaya wiki ijayo, amebaki bila huku wala kule.

Sharti zuri linasema nini kinatakiwa, lini na nani anathibitisha. Kwa mteule wetu:

"Ofa hii itathibitishwa baada ya sisi kuona vyeti vyako halisi na kupokea majibu ya kuridhisha kutoka kwa wadhamini wawili, kufikia 16 Machi. Tafadhali usitoe notisi kwa mwajiri wako wa sasa kabla ya kupata uthibitisho wetu wa maandishi. Hatutawasiliana na mwajiri huyo bila idhini yako."

Sentensi ya mwisho husahaulika sana. Mdhamini mmoja mara nyingi ni bosi wa sasa, ambaye hajui kwamba mtu wake anaondoka.

Dhana: Tarehe ya kuanza ni pale mteule aliposema anaweza.

Ihesabu kwa kufuata mfuatano wa mambo. Barua inatoka 2 Machi na mwisho wa kuijibu ni 9 Machi. Ukaguzi unakamilika 16 Machi. Notisi ya siku 30 ikitolewa 17 Machi, inaisha katikati ya Aprili. "Mwezi ujao" basi hauwezi kuwa 1 Aprili; tarehe inayowezekana ni 20 Aprili, na ndiyo inayoandikwa. Kama mkataba wake wa sasa unataka notisi ihesabiwe kuanzia mwanzo wa mwezi, itasogea hadi Mei, kwa hiyo muulize kabla ya kuandika.

Barua hii si lazima ibebe likizo, nidhamu na taratibu zote za kazi. Hayo ni ya mkataba. Ila itaje kwamba mkataba utafuata, na iweke sehemu ya saini na tarehe ya mwisho ya kukubali. Bila tarehe hiyo, mteule anaweza kukaa nayo wiki tatu akilinganisha na ofa nyingine, huku mtu wa pili kwenye orodha yako ameshapata kazi kwingine.