Mkaa wa shisha na gesi ambayo kipimo cha kidoleni hakiioni

Kijana wa miaka 22 aliletwa katika chumba chetu cha dharura usiku mmoja, baada ya kuzirai alipokuwa akiinuka kutoka kwenye kiti katika ukumbi wa shisha. Alikuwa amevuta kwa muda wa saa mbili hivi, madirisha yakiwa yamefungwa. Alipofika kwetu alikuwa na fahamu zake zote, akilalamika kwamba kichwa kinamgonga na moyo unamwenda mbio, na alikuwa ameshatapika mara moja njiani. Kipima oksijeni kilichobanwa kwenye kidole chake kilionyesha asilimia 99. Rafiki aliyemsindikiza alitueleza kwa uhakika kabisa kwamba tumbaku haihusiki, kwa sababu walikuwa wameagiza shisha ya mitishamba.

Mambo hayo mawili, ile asilimia 99 na kule kukosekana kwa tumbaku, yangeweza kumrudisha nyumbani na dawa ya maumivu ya kichwa. Tulipopima damu yake kwa mashine inayotenganisha aina za himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, tulikuta asilimia 26 ya himoglobini imeshikwa na kaboni monoksaidi. Kwa mtu asiyevuta chochote kiwango hicho huwa chini ya asilimia 2 au 3, na hata kwa mvutaji wa sigara wa kila siku ni nadra kupita asilimia 10.

Sumu hiyo ilitoka kwenye mkaa. Katika shisha, tumbaku au mitishamba haiwashwi kama sigara, bali huokwa na vipande vya mkaa vilivyowekwa juu ya bakuli, na kila mvuto hupitisha hewa kwenye mkaa huo kabla ya kufika kinywani. Oksijeni ya hewa hiyo ikikutana na kaboni inayowaka hugeuka kuwa kaboni dioksaidi. Nayo ikizidi kupenya kwenye kaboni yenye joto kali hunyang'anywa sehemu ya oksijeni yake na kubaki kaboni monoksaidi. Watafiti waliobadilisha mkaa kwa kifaa cha umeme na kuacha mengine yote yalivyo walikuta kwamba takriban sehemu 9 kati ya 10 za kaboni monoksaidi iliyomo kwenye moshi wa shisha zilitokana na mkaa. Sehemu kubwa ya zile hidrokaboni nzito zinazohusishwa na saratani ilitoka huko huko. Ndiyo maana kuondoa tumbaku kunaondoa nikotini lakini hakuigusi gesi hii, na mtu anayevuta mitishamba huvuta kaboni monoksaidi sawa na jirani yake mwenye tumbaku.

Maji ya chupani nayo hayasaidii. Gesi hii huyeyuka kwenye maji kwa kiasi kidogo mno, na povu la moshi hupita majini kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Maji huupoza moshi, na kwa kuupoza huufanya uwe mwepesi kooni, hivyo mtu anaweza kuuvuta kwa kina na kwa muda mrefu. Mvuto mmoja wa shisha unaweza kufikia nusu lita ya moshi, kiasi kinachokaribia moshi wote wa sigara moja, na kikao cha saa moja huwa na mivuto mingi.

Nirudi kwenye ile asilimia 99, kwa kuwa ndiyo inayowapotosha hata wahudumu wenye uzoefu. Kipimo cha kidoleni hutumia mwanga wa aina mbili kukadiria ni kiasi gani cha himoglobini kimebeba oksijeni. Himoglobini iliyobeba kaboni monoksaidi huonekana kwenye mwanga huo karibu sawa na iliyobeba oksijeni, kwa hiyo kifaa huzihesabu zote pamoja na kutoa jibu la kuridhisha. Kijana wetu alikuwa amepoteza zaidi ya robo ya uwezo wa damu yake kubeba oksijeni. Isitoshe, gesi hii hushikamana na himoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200, na inapokaa pale huifanya himoglobini ing'ang'anie hata oksijeni kidogo iliyobaki badala ya kuiachia ubongo na moyo. Hivyo mtu mwenye asilimia 26 ana hali mbaya kuliko aliyepoteza robo ya damu yake kwa upungufu wa kawaida.

Tulimpa oksijeni safi kwa barakoa yenye mfuko, bila kusubiri majibu ya maabara, kwa sababu hiyo ndiyo tiba yenyewe. Mtu akipumua hewa ya kawaida, kiwango cha gesi hii mwilini hupungua nusu kwa saa 4 hadi 6. Akipumua oksijeni safi, nusu hiyo huondoka kwa takriban dakika 75. Baada ya muda huo alikuwa na asilimia 13, na baada ya mwingine kama huo alikuwa karibu na 6, na kichwa kilikuwa kimetulia. Hesabu hiyo hiyo huturudisha nyuma: kwa kuwa ilipita saa nzima kati ya kuzirai na kutolewa damu, bila shaka kiwango ukumbini kilikuwa kimekaribia asilimia 30. Mgonjwa anayechelewa kufika, au aliyepewa oksijeni njiani, anaweza kuonyesha namba ndogo huku sumu aliyopata ikiwa kubwa. Tulimpima pia moyo, kisha tukamwambia arudi akiona usahaulifu au mabadiliko ya tabia katika wiki zinazofuata, maana ubongo wakati mwingine huonyesha madhara kwa kuchelewa.

Kabla hawajaondoka nilimuuliza rafiki yake ni nani anayewasha mkaa pale ukumbini. Alisema ni kijana mwingine anayekaa kwenye chumba kidogo cha nyuma chenye jiko, asiyevuta kabisa, na ambaye mara nyingi huumwa kichwa. Niliomba aje. Alinieleza kwamba maumivu huanza saa chache baada ya kuingia zamu na humwisha siku ya mapumziko, na mpangilio huo wa kuja na kuondoka na mahali pa kazi ndio unaonitia shaka kuliko dalili yoyote moja. Alikuwa akiamini kwamba mkaa ulioiva ukafunikwa na majivu meupe, usiotoa moshi wa kuonekana, hauna madhara tena. Kuusubiri uive hupunguza moshi na zile kemikali za kuwasha haraka, lakini kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, huendelea kutoka hadi mkaa uzimike. Feni iliyokuwa chumbani ilizungusha hewa ile ile, na kiyoyozi kiliipoza bila kuleta nyingine kutoka nje.

Damu yake, iliyotolewa mwisho wa zamu, ilikuwa na asilimia 14. Jiko lilihamishiwa nje, feni ya kutoa hewa ikawekwa ukutani, na king'ora cha kaboni monoksaidi kikafungwa pale anaposimama. Tulipompima tena wiki iliyofuata, saa ile ile ya mwisho wa zamu, alikuwa na asilimia 4, kwa kuwa ukumbini watu bado walikuwa wakivuta.