Karatasi mbili za kikao kimoja: kuandika usuluhishi wa shamba la viazi Uporoto

Watu wengi wanaoniletea makubaliano yaliyovunjika huwa na karatasi mkononi, tena imegongwa muhuri. Nikiisoma nakuta kurasa tatu za nani alimtukana nani, halafu mstari mmoja mwishoni: "Wamepatana, atamlipa gunia kumi." Gunia lipi, lini, mbele ya nani, hakuna. Hapo ugomvi unaanza upya, safari hii ukiwa na ushahidi wa maandishi.

Kazi yangu ni kusuluhisha migogoro midogo ya wakulima, zaidi Mbeya Vijijini na Rungwe. Leo nieleze ninavyoandika kikao, kwa kutumia shauri moja la viazi mviringo huko Uporoto. Nimebadilisha tarehe na baadhi ya mambo ili wahusika wasijulikane, lakini hesabu ilikwenda hivi hivi.

Mama mmoja mjane alimkodishia kijana shamba la ekari mbili kwa shilingi 250,000 kila ekari, "kwa msimu mmoja". Walikubaliana kwa mdomo, pesa ikatolewa. Uporoto mvua ni ya kutosha na mtu anaweza kupanda viazi zaidi ya mara moja kwa mwaka, kwa hiyo msimu kwa mwenye shamba si lazima uwe msimu kwa mkodi. Viazi vikakomaa Machi, bei ikawa chini, kijana akaviacha ardhini akisubiri ipande. Mama alitaka shamba lake apande maharage. Katikati ya Aprili mwanawe akaingia na ng'ombe na plau, akalima matuta 40, karibu robo ya shamba. Viazi vikakatwa, vingine vikaokotwa na wapita njia. Kijana akadai lumbesa 20 kwa shilingi 60,000 kila moja, yaani 1,200,000. Mama naye akadai 300,000 za kucheleweshwa.

Kabla ya kugusa kalamu nilitaka kujua kama kuna anayebishania umiliki wa shamba. Hakuwapo, na hilo niliandika mapema kabisa: "Umiliki wa shamba haubishaniwi na upande wowote." Sentensi hiyo ni fupi lakini inaamua njia. Mgogoro ukigusa umiliki au haki nyingine juu ya ardhi, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 baraza la kata halitoi tena uamuzi, linasuluhisha tu. Likishindwa linatoa cheti cha kuthibitisha hivyo ndipo shauri liende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na siku 30 zikipita bila suluhu mlalamikaji anaweza kwenda huko bila cheti. Hapa tulikuwa na madai ya mazao na pesa kati ya watu waliofanya makubaliano, kwa hiyo tukakaa sisi wenyewe, na mwenyekiti wa kitongoji akiwa shahidi.

Jambo la pili lilikuwa nani hasa ni mhusika. Mama ndiye aliyekodisha, lakini aliyelima ni mwanawe, na ndiye aliyekuwa na pesa ya kulipa. Ningeandika makubaliano kati ya mama na kijana peke yao, mwana angeweza kusema baadaye kwamba hakusaini kitu. Anayebeba wajibu ndiye anayesaini. Kwa hiyo mama na mwanawe waliandikwa kama Upande wa Kwanza, kila mmoja kwa jina lake na wajibu wake, na kijana aliyekodi kama Upande wa Pili. Situmii "mlalamikaji" na "mlalamikiwa" kwenye karatasi hizi. Kila upande ulikuwa na lalamiko, na ukimwita mmoja mlalamikiwa umeshamkalisha kizimbani.

Ninaandika karatasi mbili, wala siziunganishi. Ya kwanza ni muhtasari wa kikao: tarehe, mahali, waliohudhuria, jambo linalobishaniwa, yale ambayo pande zote zinayakubali, na yale ambayo hazikubaliani. Ya pili ni hati ya makubaliano, nayo ina mambo ya kutenda tu.

Sababu ya kuzitenganisha ni hii. Watu wakisuluhishwa hutaja pesa ambayo wasingeitaja mahakamani. Yule mwana alisema mapema, "Nitatoa laki mbili yaishe." Kijana akakataa. Ningeiandika hiyo laki mbili kwenye muhtasari na kikao kikavunjika, kijana angeibeba hadi mahakama ya mwanzo kama ushahidi kwamba mwenzake alikubali kosa. Na habari ikienea kwamba maneno ya kikaoni yanaandikwa, hakuna atakayefungua mdomo. Kwa hiyo ahadi zilizokataliwa, hasira, machozi, vyote vinabaki chumbani. Kikao kikishindikana muhtasari wangu una mistari michache: walikutana, walisikilizwa, hawakufikia makubaliano. Kuna wanaoona huo ni uvivu. Mimi naona ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, kwa sababu mkono unawasha kuandika kila kitu.

Sasa maneno yenyewe. Kijana alisema: "Waliharibu mazao yangu kwa makusudi." Mama akamjibu kijana: "Mwanangu, wewe ndiye ulikaidi kutoka shambani kwangu." Hakuna hata moja kati ya hizo iliyoingia kama ilivyo. Niliandika hivi:

> "Pande zote zinakubali kwamba tarehe 14 Aprili mwana wa mwenye shamba alilima matuta 40 yaliyokuwa na viazi. Pande zote zinakubali kwamba viazi vilikuwa vimekomaa tangu Machi. Upande wa Kwanza unaeleza kuwa ulimtaarifu Upande wa Pili atoke kabla ya tarehe hiyo. Upande wa Pili unaeleza kuwa haukupata taarifa. Jambo hili halikuamuliwa kikaoni."

Nimetaja aliyelima. Waandishi wengine wakitaka kuonekana hawana upande huandika "shamba lililimwa", kana kwamba plau ilijiendesha. Huo si uadilifu, ni kumficha mtu, na upande wa pili huugundua haraka. Kama tendo limekubaliwa na wote, mtendaji atajwe. Kinachoachwa ni nia: makusudi, ukaidi, dharau. Nia haikuonwa na mtu, na haihitajiki ili malipo yakokotolewe. Pia natumia kitenzi kimoja kwa wote. Ukiandika kwamba mama "alieleza" na kijana "alidai", msomaji ameshajua unamwamini nani. "Alikiri" sitii kabisa.

Hesabu ndiyo ilichukua muda mwingi, na lumbesa ndiyo iliyotukwamisha. Gunia la lumbesa hujazwa hadi linatunga juu na kufungwa kwa kamba. Uzito wake unategemea aliyefunga, na sheria ya vipimo hairuhusu kifungashio cha mazao kinachozidi kilo 100. Ukiandika lumbesa kwenye makubaliano umeandika kipimo ambacho kila mmoja atakitafsiri kwa faida yake. Tukahamia kilo.

Nilipendekeza wachimbe matuta manne yaliyobaki kando ya eneo lililolimwa, yenye urefu uleule na yaliyopandwa siku moja. Wakachimba wote wakiwepo, viazi vikapimwa: kilo 160, yaani kilo 40 kwa tuta. Matuta 40 yangetoa kilo 1,600. Kijana mwenyewe alikubali kwamba siku ile aliokoa kilo 600, zikabaki 1,000. Bei tuliyotumia ni ya shambani wiki ile, shilingi 400 kwa kilo. Kijana alitaka bei ya soko la Mwanjelwa, lakini huko mzigo unafika ukiwa umeshabeba nauli, magunia na ushuru, gharama ambazo yeye hakuziingia kwa viazi hivi. Ikawa 400,000. Kwa upande wa mama, walikubaliana 100,000 kwa kuchelewa kupanda maharage. Ikabaki 300,000 kutoka kwa mwana kwenda kwa kijana.

Hesabu hiyo yote iliingia kwenye hati kama kiambatisho. Mtu anayeona jinsi pesa ilivyopatikana huwa hasemi kirahisi kwamba alilaghaiwa.

Masharti yenyewe yalikuwa manne:

> "1. Mwana wa mwenye shamba atamlipa Upande wa Pili shilingi 300,000: shilingi 120,000 leo, na shilingi 180,000 kabla au ifikapo tarehe 30 Juni, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji.
> 2. Upande wa Pili utamaliza kuchimba viazi vilivyobaki kabla au ifikapo tarehe 10 Mei. Hadi siku hiyo Upande wa Kwanza hautalima wala kuingiza mifugo shambani.
> 3. Kuanzia tarehe 11 Mei shamba litakuwa mikononi mwa mwenye shamba, hata kama kuna viazi vilivyobaki ardhini.
> 4. Malipo ya mwisho yakikamilika, hakuna upande utakaodai kingine kuhusu shamba hili kwa msimu huu."

Mwana alitaka tuongeze sharti la tano: kijana asiende polisi. Nilikataa kuliandika. Msuluhishi hana mamlaka ya kuzuia jinai, na makubaliano ya kununua ukimya wa mtu kuhusu kosa la jinai hayatatetewa na mahakama. Nilichoandika kwenye muhtasari ni kwamba kufikia siku ile hakuna shauri lililofunguliwa polisi, basi. Kijana naye alitaka faini ya milioni moja endapo mwana angechelewesha malipo. Sheria ya Mikataba inampa aliyevunjiwa fidia ya kiasi kinachofaa, hata kama karatasi imetaja zaidi, kwa hiyo tisho la milioni lingechochea hasira tu. Nikawaeleza kwamba malipo yakichelewa, kijana anaweza kudai salio mahakamani kwa kutumia hati hii.

Mama hasomi, na Kisafwa kinamkaa vizuri kuliko Kiswahili. Binti wa jirani, asiye ndugu wa upande wowote, alimsomea hati nzima kwa Kisafwa. Kisha nikamwomba mama atueleze kwa maneno yake shamba linarudi lini na nani analipa nini. Alieleza sawasawa isipokuwa tarehe, alidhani ni mwisho wa Mei. Tukarudia hadi ikaeleweka. Akaweka dole gumba, na chini yake msomaji akaandika: "Nimemsomea na kumfafanulia kwa Kisafwa, ameelewa," akasaini. Kijana na mwana walisaini kila ukurasa. Kosa moja la tarakimu lilikatwa kwa mstari, likaandikwa upya pembeni, wote wakaweka saini ndogo hapo. Nafasi iliyobaki chini ya sharti la nne nikaipiga mstari wa mshazari.

Mwenyekiti aligonga muhuri. Unathibitisha kuwa aliwaona wakisaini, lakini hauigeuzi karatasi kuwa hukumu. Hati ni mkataba, na nguvu yake inatokana na hiari ya waliosaini. Ndiyo maana niliwauliza mmoja mmoja, mwenzake akiwa nje, kama kuna aliyelazimishwa.

Nakala zilikuwa tatu: moja kwa mama na mwanawe, moja kwa kijana, moja kwa mwenyekiti. Nyuma ya kila moja nilichora jedwali dogo la malipo: tarehe, kiasi, saini ya mlipaji, saini ya mpokeaji. Zile 120,000 zilijazwa palepale kwenye nakala zote. Salio lilijazwa tarehe 27 Juni.