Ng'ombe aliyetupa mimba, kisha akazaa salama, amepona?

"Daktari, shikamoo. Ng'ombe wangu wawili walitupa mimba za miezi saba, na kondo la nyuma likakwama. Mmoja amezaa salama safari hii, nikajua amepona. Sasa mtamba naye ametupa. Naomba uje uchunguze."

Ndugu mfugaji, huyo aliyezaa salama ndiye ninayemshuku kwanza. Dalili hizi zinafanana na za brusela, ugonjwa wa bakteria, na ng'ombe mwenye brusela mara nyingi hutupa mimba mara moja tu. Mimba zinazofuata hufika mwisho, ila bakteria wamebaki kwenye kiwele na tezi zake. Akizaa, humwagika kwa wingi pamoja na maji ya uzazi na kondo. Mtamba akilamba majani yaliyolowa pale, ameambukizwa.

Kuna magonjwa mengine yanayotupisha mimba, kwa hiyo tupime. Nitachukua damu ya kila ng'ombe, hata wanaoonekana wazima. Aliyetupa karibuni anaweza kuonekana hana ugonjwa, kwa hiyo nitampima tena baada ya wiki chache. Mtenge mtamba leo. Kitoto na kondo vifunge kwenye mifuko miwili, uviweke kwenye barafu hadi nifike. Usivishike bila glavu, na mjamzito asivisogelee kabisa. Maziwa yachemsheni. Brusela ikithibitika, sindano ya antibiotiki haitamsafisha ng'ombe. Ng'ombe huyo huondolewa kundini, na usimuuzie mfugaji mwenzako.