Goti la suruali hutuna pale kitambaa kinapokosa pa kuteleza

Simama wima, kisha tia alama mbili ndogo za kalamu kwenye ngozi ya mguu, moja sentimita 5 juu ya katikati ya goti na nyingine sentimita 5 chini yake. Sasa kaa kitini ukunje goti, na upime tena kwa tepu ukifuata mviringo wa ngozi. Zile sentimita 10 zitakuwa 13, pengine 14. Ngozi ya goti huvutika kwa karibu theluthi moja, pengine zaidi, kila tunapokaa, na ya kiwiko haiko mbali na hapo. Ngozi imeumbwa kwa kazi hiyo, ukisimama inarudi. Suruali iliyo juu yake ndiyo yenye shida.

Kitambaa cha suruali ya sufu kilichofumwa kwa nyuzi za urefu na za upana, yaani mtande na mshindio, kisicho na uzi wa mpira ndani yake, huvutika asilimia chache tu. Hizo sentimita 3 au 4 zinazodaiwa na goti hutoka wapi? Sehemu hutoka kwenye nafasi aliyoacha fundi alipokata. Sehemu nyingine, na mimi naiona ndiyo kubwa, hutoka kwenye kuteleza: ukikaa, kitambaa cha pajani huteleza kuelekea gotini na upindo hupanda juu ya kifundo cha mguu, kila upande ukilipeleka goti kile linachohitaji. Deni linalobaki baada ya hapo ndilo linalolipwa na uzi wenyewe kwa kuvutika. Kutuna kwa goti ni deni hilo, na likilipwa kwa saa nyingi halirudi lote.

Ndani ya kitambaa mambo huenda kwa hatua. Kwanza uzi, ambao hupita juu na chini ya wenzake kama mawimbi, hunyooka. Hapo hakuna kilichoharibika. Mvuto ukizidi, uzi huanza kusogea mahali unapopishana na mwingine, na ukishasogea, msuguano huushika hukohuko. Hauna nguvu ya kujirudisha. Mwisho, nyuzinyuzi zenyewe zilizosokotwa kuwa uzi huanza kurefuka, na hapa ndipo muda unapokuwa na maana. Nyuzinyuzi iliyovutwa kwa dakika 5 hurudi karibu yote. Ikishikiliwa hivyo hivyo kwa saa 4, hujizoesha urefu mpya. Ikipata na unyevu, hujizoesha haraka zaidi, maana maji huachanisha vifungo vidogo vinavyoshikanisha molekuli ndani ya sufu au pamba, kisha inapokauka vifungo vinafungika upya katika umbo iliyomo wakati huo. Na jasho lina madhara mawili kwa pamoja: hulainisha nyuzinyuzi, na hugandisha kitambaa kwenye ngozi kisiweze kuteleza.

Ndiyo maana namuuliza mteja anakaa vipi kabla ya kumuuliza anafua vipi.

Mzee mmoja aliniletea suruali ya kijivu ya sufu, nzuri, ikiwa na miezi michache tu. Kazi yake ni udereva. “Fundi, kitambaa hiki kimelegea,” aliniambia, “nataka unibanie hapa magotini.” Nilimsihi asiibane. Niliilaza mezani, mshono wa ndani juu ya mshono wa nje, na goti la kulia lilikuwa limeinuka kama bakuli lililofunikwa, sentimita 2 na nusu kutoka mezani. La kushoto lilifika moja na nusu. Nilipopitisha kidole ndani, sufu ya goti iligusa ngozi moja kwa moja, kwani suruali haikuwa na bitana. Na upana wa goti ulikuwa umekatwa kwa kubana sana. Kwa hiyo kitambaa hakikuwa na nafasi, hakikuwa na pa kuteleza, na kilikuwa kinakunjwa kwa saa nyingi mfululizo kikiwa na joto na jasho. Kuibana zaidi kungeongeza deni.

Nilianza na mvuke, kwa sababu sufu ina sifa ambayo vitambaa vingi havina: ikipata joto na unyevu bila kuvutwa, hurudi kuelekea umbo lake la mwanzo. Niligeuza suruali ndani nje, nikalaza goti likiwa limetuna kuelekea juu, nikafunika kwa kitambaa cha pamba kilicholoweshwa na kukamuliwa. Pasi ilikuwa kwenye moto wa sufu. Hapa wengi hukosea kwa kuisukuma pasi mbele na nyuma kama wanaponyoosha shati. Pasi inayosukumwa huvuta kitambaa kilicholainika, na uvimbe hugeuka kuwa mkunjo uliolazwa. Mimi huishusha, naiacha sekunde chache mvuke upenye, naiinua, nasogea. Naanza pembezoni mwa uvimbe nikizunguka kuelekea katikati, ili kitambaa kilichozidi kikusanyike na kujikaza badala ya kukimbilia upande mwingine. Baada ya kila duru naondoa kitambaa chenye maji na kukandamiza goti kwa kipande cha mbao kikavu hadi mvuke uishe.

Kisha naiacha hapo mezani isiguswe mpaka ipoe kabisa na kukauka. Sisitizo langu liko hapa. Kazi yote ya mvuke hukamilika wakati wa kupoa, kwa kuwa ndipo vifungo vinapofungika. Ukiitundika suruali ikiwa bado ina joto, uzito wake unavuta kile ulichotoka kukikaza.

Baada ya duru 3 goti la kushoto lilikuwa limelala kabisa. La kulia lilibaki na inuko la nusu sentimita, na sikuendelea nalo. Uzi uliokwisha kusogea mahali pake hautii mvuke, na kuulazimisha kwa moto mkali zaidi huleta mng’aro usiotoka.

Kilichofuata kilikuwa na faida kubwa kuliko mvuke. Nilitia bitana nyepesi, laini, upande wa mbele tu, kuanzia kiunoni hadi sentimita 10 chini ya goti, ikiwa imeshonwa kiunoni na pembeni lakini upindo wake wa chini ukiwa huru. Bitana inakaa na ngozi, sufu inateleza juu ya bitana. Niliikata pana kidogo kuliko suruali yenyewe. Bitana iliyobana hushika goti na kukatika mishono. Kwenye mishono ya pembeni kulikuwa na akiba ya kitambaa, nikaachia sentimita 2 za upana magotini. Nikamwomba mzee mambo mawili: kabla ya kukaa ashike suruali juu ya magoti na kuivuta juu kidogo, vidole vinne hivi, na asiivae siku mbili mfululizo. Siku moja ya kupumzika, ikiwa imebanwa upindoni na kuning’inia kichwa chini, huifaa sufu sana, kwani sehemu ya kiunoni ndiyo nzito na huvuta goti linyooke taratibu huku unyevu ukitoka.

Pamba haina hisani hiyo. Ikivutwa hata kidogo, hurudisha sehemu ndogo kuliko sufu, na mvuke peke yake hauiamshi. Kinachoirudisha ni maji: kuilowesha yote na kuikausha bila kuivuta. Suruali ya kadeti iliyotuna magoti asubuhi ya pili kwa kawaida hurudi ikifuliwa, hutuna tena ikivaliwa, na hakuna pasi itakayobadilisha mwenendo huo. Viskosi, uzi wa kiwandani utokanao na mbao, ni dhaifu zaidi inapokuwa na maji, hivyo jasho la gotini huiumiza mapema.

Sweta lina habari nyingine. Kitambaa chake hakina mtande. Ni vitanzi vilivyoshikana, na kiwiko kinapokunjwa, kitanzi kimoja huazima uzi kwa jirani yake. Vitanzi vya kiwikoni huwa vikubwa, vya pembeni vinabanwa. Ukichungulia kiwiko kilichotuna kwenye mwanga utaviona: mstari wa vitanzi vilivyo wazi, na kandokando yake vingine vilivyojikunyata. Ufumaji uliobana hautoi mkopo kirahisi, na uzi uliosokotwa kwa nyuzi mbili au zaidi hushika umbo kuliko uzi mmoja uliolegea. Sufu iliyotengenezwa ifuliwe kwa mashine, ambayo magamba yake yamelainishwa au kufunikwa, huteleza zaidi kitanzini. Ni laini mkononi, lakini sweta lake hurefuka. Kwa sweta la sufu, lioshe kwa maji ya uvuguvugu, likunje ndani ya taulo ulikamue kwa kukandamiza, lilaze bapa, kisha kwa viganja sukuma vitanzi vya kiwikoni vikutane. Ukilitundika likiwa na maji, uzito wa maji utafanya mikononi kile ambacho kiwiko hakikufanya.

Ila angalia kwanza lebo. Nilipokuwa najifunza kazi nililetewa sweta lenye viwiko vilivyotuna, nikalishughulikia kwa mvuke kama sufu. Lilikuwa la akriliki, uzi wa plastiki unaoiga sufu. Akriliki ikipata joto na maji kwa pamoja hulainika na kupoteza uhai wake wa kujirudisha: mikono ililegea kama kitambaa cha deki, na hakuna kuosha kulikolirudisha. Nililipa sweta la watu. Tangu siku hiyo, sweta lisilo na lebo naliwekea tone la mvuke kwenye ukingo wa ndani kabla sijaligusa kwingine, na ukingo ule ukilegea, pasi narudisha mahali pake.

Watu hudhani dawa ni kununua suruali inayovutika. Kuvutika na kurudi ni mambo mawili tofauti. Uzi wa elastani, ule unaovutika kama mpira, hata ukiwa asilimia 2 tu, husaidia kweli ukiwa mzima, lakini suruali inayovutika sana na elastani yake ni dhaifu hutuna vibaya kuliko sufu ya kawaida. Mimi hupima hivi kabla ya kukata kitambaa: natia pini mbili zilizoachana sentimita 10, nakining’iniza na uzito wa kukivuta hadi kikaze, nakiacha nusu saa, naondoa uzito, nasubiri saa moja na kupima. Ikisoma 10.2 nakata. Ikipita 10.3 sikitumii kwa suruali ya kubana.

Elastani hiyo huuawa na joto na dawa ya klorini. Mashine ya kukaushia kwa moto mkali huichosha mfuo baada ya mfuo. Dalili ziko wazi: goti halirudi hata baada ya kufua, kitambaa kinafanya mawimbi madogo karibu na mishono, na vinyweleo vyeupe vya mpira vinachomoza upande wa nje. Ukiviona hivyo vinyweleo, usihangaike na mvuke wala bitana. Uzi umekatika ndani. Suruali hiyo nawashauri wenyewe waikate juu ya goti.