Si mwili unaozoea dawa

Kuna ujumbe unaosambazwa usemao: "Ukinywa antibiotiki mara kwa mara, mwili unazizoea. Mimi sizitumii, kwa hiyo usugu haunihusu."

Anayekuwa sugu ni bakteria. Tena jeni ya usugu si lazima airithi kwa mzazi. Anaweza kuipata kwa jirani, hata wa spishi nyingine. Kwa hiyo asiyetumia dawa naye huweza kuambukizwa bakteria sugu. Kuchanganyikiwa kunaeleweka: zipo dawa, kama mofini, ambazo mwili huzizoea kweli.

Jeni huhama kwa njia tatu, na maabara huzitofautisha hivi. Chukua bakteria wanaohimili ampisilini na wengine wanaohimili streptomaisini, wachanganye, kisha wapande kwenye sahani yenye dawa zote mbili. Wakiota wengi kuliko pale kila kundi linapopandwa peke yake, jeni imehama.

Rudia ukiwatenganisha kwa kichujio chenye vitundu vya mikromita 0.2. Bakteria hawapiti, DNA hupita. Uhamaji ukikoma, ilikuwa konjugesheni: lazima wagusane ndipo mmoja ampe mwenzake nakala ya plasmidi, kipande kidogo cha DNA kilicho kando ya kromosomu. Usipokoma, tia kimeng'enya kinachokata DNA. Ukikoma sasa, ni transfomesheni: bakteria aliokota DNA tupu, mara nyingi ya mwenzake aliyekufa. Ukiendelea bado, ni transdaksheni: jeni imebebwa na faji, virusi wa bakteria, na ganda lake la protini huikinga.

Ujumbe ule ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze.